Upungufu wa Shilingi Ishirini na Nne

Mwaka ule ambao nchi nzima ilipiga kura kwa kupanga mlolongo, Eliakim Kipyego alishona suti. Hakuwa akigombea ubunge. Alikuwa akigombea uenyekiti wa wazazi wa Sekondari ya Wasichana ya Tebeswet, upande wa Plateau, ambako binti yake Chepngetich alikuwa anamaliza kidato cha kwanza. Lakini kwa jinsi alivyojitazama kwenye kioo cha mshonaji, akigeuka kushoto na kulia na kuvuta tumbo ndani, ungedhani anangojwa Nairobi.

Eliakim alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nguo mjini Eldoret. Miaka mingi ya kushindana na kelele za mashine ilikuwa imempa sauti isiyojua kunong'ona. Akiomba chumvi mezani pake Kiplombe, jirani wa tatu alijua mchuzi umekosa chumvi. Sauti hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya uongozi, maana kila alipozungumza watu walinyamaza, naye hakuwahi kujiuliza kama wananyamaza kwa heshima au kwa kukosa njia.

Ahadi yake ilikuwa moja tu: basi. Shule nyingine zilikuwa na mabasi yenye majina ubavuni. Wasichana wa Tebeswet walikwenda kwenye michezo wakiwa wamebanwa kwenye pikapu ya kuomba. Eliakim angeleta basi la kijani, jipya, lenye viti vya sponji. Alitunga na wito wa kampeni, "Basi ni basi!", na shemeji yake Kipkemboi, kaka wa mkewe, aliupiga kelele sokoni hadi mama mmoja muuza viazi akamwambia, "Kama ni basi, si unyamaze?"

Mpinzani wake alikuwa Simeon Gathogo, mwenye duka la saruji na mabati. Gathogo alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kukohoa, na ahadi yake haikuwa na ladha yoyote. Alisema paa la bweni litengenezwe na basi lingoje. Hata alipoisema mwenyewe, alionekana kuchoka.

Mwalimu mkuu, Bi. Adongo, alikuwa ameandikia wazazi wote akawaeleza mambo yalivyo. Karo mwaka huo ilikuwa shilingi elfu nne. Wasiponunua basi, karo ingepanda kila mwaka kwa sehemu ya kumi ya ile ya mwaka uliotangulia, kwa sababu unga na kuni havikuwa vinashuka bei. Wakinunua basi kwa mkopo, ingepanda kwa sehemu ya tano. Uamuzi ungekwenda na mwenyekiti watakayemchagua.

"Sehemu ya tano ni nini?" Eliakim aliwauliza wazazi nje ya kanisa, mkono mmoja mfukoni. "Kata mkate vipande vitano. Kimoja ndicho hicho. Nani hapa atakosa usingizi kwa sababu ya kipande cha mkate?"

Watu wakacheka, na kucheka kwao kukamkolea kama sukari kwenye chai.

Jumamosi, wiki moja kabla ya uchaguzi, alirudi nyumbani mchana akamkuta mkewe mezani anasahihisha madaftari. Jemutai alifundisha hesabu darasa la sita katika shule ya msingi pale pale Kiplombe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kalamu nyekundu.

"Mama Chepngetich," Eliakim alisema, "nipe kile kitabu cha posta. Nataka kutoa elfu moja."

"Ya nini?"

"Chai ya wazazi. Siwezi kuwaomba kura na midomo imekauka. Ya wazazi na yangu pia."

Jemutai hakuinua kichwa. "Kitabu kina elfu tano, mia mbili thelathini na mbili. Ndiyo karo ya mtoto. Ukitoa elfu, utarudisha na nini?"

"Mimi nimeshapiga hesabu ya mtoto." Eliakim akavuta kiti. Alifurahi kuulizwa, maana hesabu hiyo alikuwa ameipiga kiwandani wakati wa chai, na ilikuwa imemtoka vizuri bila salio. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa kama mtu anayepaka rangi ukutani. "Karo elfu nne. Amebakiza miaka mitatu. Elfu kumi na mbili. Toa zilizoko posta, zinabaki elfu sita, mia saba sitini na nane. Gawanya kwa miezi thelathini na sita. Mia moja themanini na nane kwa mwezi! Sisi tunaweza kuweka mia tatu. Umeona? Tuna pesa mpaka zinatuwasha."

Jemutai aliivuta karatasi, akaitazama, akaipiga alama ya kosa nyekundu toka kona hadi kona. Ilikuwa mazoea ya kazi. Mkono wake ulifika kabla ya adabu.

"We! Mimi si mtoto wa darasa la sita!"

"Samahani, Baba Chepngetich." Akaifuta midomo kwa kiganja ili kuficha kicheko. "Lakini huyu wa darasa la sita angeniuliza, karo ya elfu nne ni ya mwaka gani?"

"Mwaka huu."

"Na mwaka huu si tumeshalipa?"

Eliakim akaitazama tena karatasi.

"Tunatafuta karo ya kidato cha pili, cha tatu na cha nne," Jemutai aliendelea, sasa akitumia ile sauti ya darasani. "Na wewe ndiye unataka basi. Kwa hiyo ongeza sehemu yako ya tano."

"Sawa. Elfu nne, mia nane. Mara tatu, elfu kumi na nne, mia nne. Si mbaya sana."

"Mara tatu? Barua inasema sehemu ya tano ya mwaka uliotangulia. Kidato cha pili, elfu nne na mia nane. Kidato cha tatu unaongeza sehemu ya tano ya hiyo elfu nne na mia nane, si ya elfu nne. Inakuwa elfu tano, mia saba sitini. Kidato cha nne, elfu sita, mia tisa na kumi na mbili. Mkate wako unakua, Baba. Kila mwaka unakata kipande kutoka kwa mkate mkubwa zaidi."

"Aliyekwambia habari za mkate ni nani?"

"Kiplombe nzima imekusikia. Mimi nilikuwa ndani ya kanisa."

Akajumlisha yote matatu: elfu kumi na saba, mia nne sabini na mbili. Akatoa zilizoko posta. Zikabaki elfu kumi na mbili, mia mbili na arobaini.

"Gawanya kwa thelathini na sita," Eliakim alisema, lakini safari hii sauti ilikuwa imepungua hata ng'ombe nje hakushtuka.

"Hapana. Karo ya muhula wa mwisho italipwa Septemba ya mwaka wa kidato cha nne. Pesa ya Oktoba haitamsaidia mtu ambaye alitakiwa kulipa Septemba. Tuanze na mshahara wa mwezi huu wa Novemba, tumalize na wa Agosti. Miwili mwaka huu, kumi na miwili, kumi na miwili, halafu minane. Miezi thelathini na minne." Kalamu ikakimbia. "Mia tatu na sitini kwa mwezi."

Mia tatu ndiyo ilikuwa mwisho wa kamba yao, wote wawili walijua. Mkopo wa nyumba ulikatwa kabla mshahara haujafika mkononi, kulikuwa na wadogo wawili wa shule ya msingi, na mama yake Eliakim kule Kaptagat alihitaji dawa ya kifua.

"Posta wanaleta riba," Eliakim alijaribu.

"Riba ni ya sare na godoro. Miguu ya mtoto nayo inapanda kila mwaka, na kiatu hakina barua ya mwalimu mkuu."

"Basi tuweke zile mia na themanini na nane kwanza, zinazobaki ziwe za shughuli za uenyekiti, halafu Mungu atafungua njia."

Jemutai akageuza karatasi. Alipiga hesabu muhula kwa muhula, akiongeza akiba ya kila miezi minne na kutoa theluthi ya karo ya mwaka, huku Eliakim akichungulia juu ya bega lake kama anayetazama daktari akisoma picha ya mfupa wake. Kidato cha pili chote kilipita salama. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu ukapita. Kisha kalamu ikasimama.

"Mwezi wa tano, kidato cha tatu," alisema. "Posta kutakuwa na elfu moja, mia nane tisini na sita. Karo ya muhula, elfu moja, mia tisa na ishirini. Upungufu, shilingi ishirini na nne."

"Ishirini na nne!" Eliakim akacheka kwa nguvu. "Nani atamfukuza mtoto kwa shilingi ishirini na nne?"

"Mwenyekiti wa wazazi," Jemutai alisema. "Si ndiye atasimama langoni na mhasibu wa shule kuwarudisha wasiolipa, kwa ajili ya mkopo wa basi?"

Eliakim akamwona akilini Chepngetich langoni na sanduku lake la bati, yeye baba mtu amesimama mbele yake ndani ya suti ya kijivu, akimwonyesha barabara ya kurudi nyumbani.

"Na huo ni mwanzo wa shimo tu," mkewe aliongeza. "Mihula inayofuata ni mikubwa zaidi."

Saa nzima walitafuta zile sitini za ziada. Eliakim alijitolea kuacha gazeti. Jemutai akasema gazeti analisoma la meneja. Akajitolea kuacha nyama ya Jumapili. Jemutai akamkumbusha kwamba waliiacha tangu Agosti, na kwamba ile anayokula Jumapili ni maharagwe. Ikafika zamu ya Jemutai kuuliza mwenyekiti wa wazazi hutoa kiasi gani kwenye harambee, na Eliakim akakiri, akiitazama dari, kwamba mwenyekiti hutoa kwanza na hutoa zaidi, na kwamba yeye alikuwa ameshatangaza mia tano.

"Na bila basi inakuwaje?" aliuliza mwishowe.

Ilikuwa elfu nne na mia nne, elfu nne mia nane na arobaini, elfu tano mia tatu ishirini na nne. Ukitoa akiba na kugawanya kwa miezi ile ile thelathini na minne, ilikuja mia mbili sabini na tano kasoro senti kidogo.

"Hiyo tunaiweza," Jemutai alisema. "Na inabaki ishirini na tano ya dharura. Kwa hiyo nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia. Mimi Jumamosi nitasimama nyuma ya Gathogo."

Eliakim alienda nje akazungumza na ng'ombe kwa muda.

Hakujitoa. Angejitoaje? Suti ilikuwa tayari, Kipkemboi alikuwa ameshaahidi watu, na juu ya yote, kusema "sina" mbele ya wazazi wenzake kulimwogopesha kuliko shimo la elfu kadhaa ambalo lilikuwa bado miezi mingi mbele. Alijiambia kwamba huenda kiwanda kitaongeza mishahara. Chai ya wazazi aliifuta, akamwambia Kipkemboi kwamba kiongozi safi hanunui kura. Kipkemboi akasikitika kama mtu aliyeambiwa sikukuu imeahirishwa.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani Tebeswet, wengine na miavuli, wengine na watoto mgongoni. Wasichana walikuwa wakitazama toka madirishani tangu asubuhi. Chepngetich mwenyewe alikuwa ameliahidi bweni lake zima kiti cha mbele. Bi. Adongo alisimama kwenye ngazi ya ofisi, akaeleza kanuni: wagombea wawili wasimame mbele, kila mzazi ajipange nyuma ya amtakaye, kisha watahesabiwa mchana peupe, kama taifa lilivyofanya.

"Basi ni basi!" alipaza Kipkemboi, na mlolongo wa Eliakim ukaanza kurefuka vizuri. Eliakim alisimama kifua mbele, akijizuia kugeuka. Lakini macho hayana adabu. Upande wa pili, nyuma ya Gathogo, kwenye nafasi ya kwanza kabisa, alikuwa Jemutai na mkoba wake wa madaftari, ametulia kama anangoja stempu posta.

Mnong'ono ukatembea uwanja mzima.

"Dada, umekosea mstari!" Kipkemboi alimwita dada yake. "Mzee yuko huku!"

"Namwona," Jemutai alisema.

Bi. Adongo alihesabu akishuka, akahesabu akipanda. Alipomaliza alivua miwani akaifuta. "Ndugu wazazi," alisema, "wako sawa kwa sawa."

Kelele zikazuka. Kipkemboi alidai mama mmoja mjamzito ahesabiwe mara mbili. Bi. Adongo akamtazama mpaka akarudi mahali pake.

"Wagombea nao ni wazazi," akasema. "Wana kura. Bwana Gathogo?"

Gathogo alikohoa. "Mimi... nafikiri najipigia mwenyewe. Kama hakuna neno."

"Bwana Kipyego?"

Jibu lilikuwa rahisi. Angesema "najipigia," wangekuwa sawa tena, wangerusha shilingi hewani, na huenda ingemwangukia. Alijaza mapafu. Wazazi wakanyamaza, kama walivyozoea. Ndipo akaona nyuma ya Jemutai mzee mmoja aliyevaa raba zilizotoboka, na katika mlolongo wake mwenyewe akamwona Wanyama, fundi wa baiskeli, mwenye binti wawili pale shuleni, akipiga makofi kwa uso wa mtu anayeumwa jino. Wawili, Eliakim aliwaza. Sitini zangu zimenishinda. Huyu anatafuta ngapi?

Akatoka mahali pake. Akavuka ile nafasi kati ya milolongo miwili, suti ikimkaba kwapani, akapita mbele ya Gathogo aliyerudi nyuma hatua moja akidhani anakuja kupigwa, akaenda hadi mwisho wa mlolongo wa mpinzani wake, akasimama.

"Shemeji!" Kipkemboi alilia. "Umepotea! Rudi! Wewe ndiye mgombea!"

"Najua mimi ni nani," Eliakim alisema. Alikusudia kunong'ona, lakini mnajua sauti yake; ilifika hadi jikoni. "Hilo basi siliwezi. Tumepiga hesabu na mke wangu. Linataka mia tatu na sitini kila mwezi kwa mtoto mmoja, na mimi nina mia tatu. Kabla hajamaliza kidato cha nne mtoto wangu angefukuzwa, na mimi ndiye ningekuwa nimemfukuza. Sina. Ndiyo hivyo. Sina."

Hakuna aliyecheka. Wanyama aliacha kupiga makofi. Akakuna kichwa, akasema, "Hata mimi sina, bwana. Nilikuja kwako kwa sababu niliona aibu," akavuka. Nyuma yake akavuka Mama Virginia, muuza maziwa wa Plateau, akisema yeye alidhani ni yeye peke yake. Halafu wakavuka wawili, watano, kundi, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mwishowe mlolongo wa Eliakim ulibaki na Kipkemboi pekee, ambaye hata mtoto shuleni hakuwa naye, na Bi. Adongo akamwuliza kwa upole alikuwa anapiga kura kama mzazi wa nani.

Gathogo alitangazwa mwenyekiti. Alitazama ule umati nyuma yake kwa hofu, akashukuru kwa maneno manne, akakaa.

Jemutai alikuja akasimama kando ya mumewe. Alimnyoosha kola. "Ungeweza kunong'ona," alisema.

"Nilinong'ona."

"Nimesikia." Akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

Chepngetich, yeye, alikuja akikimbia, machozi ya hasira machoni. "Baba! Nimewaambia watu! Mwaka ujao kuna mashindano ya nyimbo Nakuru. Sasa kwaya itaenda na nini?"

Eliakim akanyoosha kidole upande wa Gathogo. "Mimi si mwenyekiti," alisema. "Mwulize mwenyekiti."

Alidhani amemaliza. Lakini msichana alikuwa amerithi sauti ya baba na ubishi wa mama; aligeuka pale pale akamwendea Gathogo, na nyuma yake ikaja kwaya nzima.

"Mimi nina lori tu," walimsikia Gathogo akijitetea katikati ya sketi za kijani. "La saruji. Lina vumbi, watoto wangu."

"Tutavaa leso," Chepngetich alisema.

Na ndivyo walivyokwenda, mwezi wa saba, wakiwa wamesimama nyuma ya lori kutoka Plateau hadi Nakuru, wakiimba njia nzima. Walifika weupe kuanzia nyusi hadi viatu, na jaji mmoja aliwapa alama za ziada akiamini ni vazi la maigizo. Walikuwa wa pili. Kombe dogo likaletwa nyumbani Kiplombe kulala usiku mmoja, na Eliakim akalionyesha majirani akiwa amesimama mlangoni pake. Hakuhitaji kutoka nje ili wamsikie.